Choo kigumu na bawasiri kwa mjamzito: anza na sahani, mafuta ya nyonyo yaache

*"Nina mimba ya wiki 28, ya kwanza. Tangu mwezi wa nne napata choo mara mbili tu kwa wiki, kigumu kama cha mbuzi. Wiki hii nimeona damu nyekundu ikidondoka chooni, na kuna kinyama kimejitokeza, kinawasha na kuuma nikikaa. Nauza duka, nakaa siku nzima. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa na maandazi, na hapo ndipo nilikuwa namezea kidonge cha kuongeza damu. Mchana ugali wa sembe na dagaa, jioni chipsi au wali. Pemba nakula, siwezi kuacha. Kidonge cha damu nimeacha wiki mbili sasa maana wanasema ndicho kinachofunga choo. Mama mkwe ameniletea mafuta ya nyonyo. Je, nikijikamua mtoto anaweza kutoka? Na ni kweli mwenye bawasiri lazima apasuliwe kujifungua?"*

Mdogo wangu, mafuta ya nyonyo usiyanywe. Yanaharisha kwa kulichokoza tumbo, na mchokoo huo hauishii kwenye utumbo: unaweza kuuamsha mji wa mimba nao ukaanza kubana, na wiki ya 28 si wakati wa kuuamsha. Utaharisha siku moja, utapoteza maji mwilini, kisha choo kitafunga tena vilevile. Mama mkwe amefanya hivyo kwa mapenzi, kwa hiyo mshukuru, mwambie kliniki wamekukataza kutumia dawa yoyote ya kuharisha, na umwombe akusaidie kutafuta dona na mapapai. Sanamaki na utomvu wa mshubiri nao akivileta, jibu ni hilohilo.

Kujikamua chooni hakutoi mimba. Mtoto yuko ndani ya mji wa mimba, na mlango wake umefungwa; haufunguki kwa sababu umesukuma choo. Ubaya wa kujikamua uko kwingine, nitaufikia. Na bawasiri peke yake si sababu ya upasuaji. Wanawake wengi huingia leba wakiwa nayo na hujifungua kwa njia ya kawaida. Uvimbe unaweza kuongezeka wakati wa kusukuma mtoto na ukauma siku chache baadaye, basi. Ukimwambia mkunga mapema kwamba unayo, atajua namna ya kukuongoza usukume bila kujikaza kupita kiasi.

Sasa nikueleze kinachotokea tumboni, kwa sababu ukikielewa utaona mwenyewe kwa nini dawa ya kuharisha haitatui chochote. Kondo la nyuma hutengeneza homoni iitwayo projesteroni kwa wingi. Kazi yake kubwa ni kuulegeza msuli wa mji wa mimba ili usibane kabla ya wakati. Lakini homoni haichagui. Msuli wa mji wa mimba na msuli wa ukuta wa utumbo ni wa aina moja, kwa hiyo utumbo nao hulegea na kusukuma chakula polepole. Utumbo mpana, ambao ndio unaonyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula, unapata muda mrefu kuliko kawaida wa kuyanyonya. Choo kilichokaa humo siku tatu au nne kinatoka kikavu, kimekatikakatika, kama ulivyokieleza. Ndiyo maana tatizo lilikuanza mwezi wa nne, wakati mji wa mimba ulikuwa bado mdogo na hauna uzito wa kugandamiza kitu. Uzito umekuja baadaye, juu ya ulegevu uliokuwepo.

Bawasiri inaanzia hapohapo. Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, ana vijimto laini vyenye mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Vinasaidia kuifunga njia hiyo vizuri. Bawasiri ni vijimto hivyo vilivyojaa damu, vikavimba na kushuka. Kwako mambo yamejazana pamoja. Kiasi cha damu mwilini mwa mjamzito huongezeka sana, karibu nusu ya ile ya mwanzo. Projesteroni imelegeza kuta za mishipa inayorudisha damu juu. Mtoto na mji wake sasa wanaukandamiza mshipa mkubwa unaotoa damu nyonga na miguuni. Damu ikikwama juu, inavimba chini. Kisha unakuja wewe na choo kigumu, unajikamua, na kila unapojikaza unasukuma damu zaidi kwenye vijimto vilivyokwisha kujaa, na choo kikavu kinavikwaruza vinapasuka na kutoa damu. Huo ndio ubaya wa kujikamua. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa ya kukausha bawasiri huku choo chako bado ni kigumu, anakuuzia hasara. Choo kikilainika, bawasiri ya ujauzito mara nyingi hutulia.

Homoni huwezi kuigusa, na haifai kuguswa. Lakini ukisoma ulivyoandika siku yako, kuna vitu vinavyoongeza kufunga juu ya ule ulegevu, na cha kwanza si kidonge. Ni pemba.

Pemba ni udongo mfinyanzi uliokaushwa au kuchomwa. Tumboni hauyeyuki, unanyonya maji na kuganda, na mjamzito anayekula vipande kadhaa kwa siku anaujaza utumbo uliolegea kitu ambacho utumbo hauwezi kukisaga. Udongo huo pia hushika madini ya chuma kutoka kwenye chakula na kwenye kidonge, yakatoka nayo bila mwili kuyatumia, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au risasi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hamu kali ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma. Unakula pemba, chuma kinapungua, hamu inazidi. Ukiacha kidonge unaweza kuishia kutaka pemba zaidi. Sikulaumu kwa kusema huwezi kuacha. Hamu hiyo ina nguvu kweli, na kwa wanawake wengi hupungua wenyewe wiki chache baada ya damu kupanda. Kwa sasa usiweke pemba dukani kwako wala kwenye mkoba. Weka vipande vya karoti mbichi iliyooshwa vizuri, uvitafune hamu inapokujia. Na kliniki waambie wazi kwamba unakula udongo. Hawatakushangaa, wanaulizwa hilo kila siku.

Kidonge cha kuongeza damu kweli kinaweza kukaza choo, aliyekwambia hakudanganya. Ila angalia ulivyokuwa unakimeza: na chai ya maziwa. Majani ya chai yana kemikali zinazoshika chuma, na maziwa nayo hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Chuma ambacho hakikuingia hushuka hadi utumbo mpana, na hicho ndicho kinachosumbua tumbo na kukaza choo. Ulikuwa unapata karaha ya kidonge bila faida yake. Sasa unatokwa na damu chooni, na una kujifungua mbele yako ambako utapoteza damu nyingine. Kidonge unakihitaji kuliko mwezi uliopita. Kirudie leo, kimeze kwa maji pamoja na chungwa, kama saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada ya kula. Wengine tumbo huwasokota hivyo. Kama ni wewe, kimeze usiku baada ya chakula chepesi, lakini chai na maziwa vikae mbali nacho kwa saa moja au mbili. Usishangae choo kikiwa cheusi au kijani iliyokolea, ni rangi ya chuma. Kama baada ya kupanga hivi bado kinakukaza, muuguzi anaweza kukubadilishia aina au kipimo. Hilo liache kwake, usikate kidonge wala kuruka siku kwa uamuzi wako.

Tuje kwenye sahani. Mjamzito anahitaji takribani gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo halisagi: pumba ya nafaka, ganda la maharage, nyama ya tunda. Hushika maji na kubaki nayo hadi mwisho wa safari, ndipo choo kinatoka laini na kinene, na unene huo huukumbusha utumbo kusukuma. Sasa hesabu siku yako: maandazi ni unga mweupe, sembe ni mahindi yaliyovuliwa pumba na kiini, wali mweupe ni vivyo hivyo, chipsi ni viazi vilivyomenywa. Dagaa ni chakula kizuri sana kwa mtoto, usiwaache, lakini hawana nyuzinyuzi. Siku nzima hufiki hata nusu ya kinachotakiwa.

Hakuna haja ya kununua vitu vya gharama. Asubuhi, ukiamka tu, kunywa glasi moja ya maji ya uvuguvugu. Badala ya maandazi, viazi vitamu viwili vya kuchemsha vilivyooshwa vizuri, ukila na ganda lake, na kipande kikubwa cha papai lililoiva. Najua utaambiwa papai linaharibu mimba. Linaloepukwa ni papai bichi lenye utomvu mweupe. Papai lililoiva halina shida, na katika matunda ya kwetu ni miongoni mwa yanayolainisha choo vizuri. Chai isogeze hadi saa nne. Mchana badilisha sembe kuwa dona, na pembeni mwa dagaa weka kikombe cha chai kilichojaa maharage, kunde au choroko zilizopikwa. Kikombe hicho cha maharage peke yake kinakupa karibu nusu ya nyuzinyuzi za siku. Ongeza mchicha au matembele, yasipikwe mpaka yakafa. Jioni, siku moja moja, makande ya mahindi yasiyokobolewa na nusu ya parachichi. Siku nyingine wali huohuo uupendao, ila uambatane na choroko na mboga. Chungwa lile pamoja na zile nyuzi nyeupe za ndani, usilikamue juisi ukatupa makapi, maana makapi ndiyo dawa. Tende tatu au nne zilizolowekwa usiku kucha husaidia, isipokuwa kama kliniki wamekwambia sukari yako iko juu.

Nenda taratibu. Mtu aliyekula sembe na maandazi maisha yake yote akihamia dona na maharage kwa siku moja tumbo litajaa gesi, atasema chakula kimemkataa, ataacha. Wiki ya kwanza changanya dona na sembe nusu kwa nusu, na anza na nusu kikombe cha maharage. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Gesi hupungua sana. Na dona nunua kidogo kidogo kutoka mashine inayosaga mara kwa mara, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta na unga wake huharibika upesi. Ukiusikia uchungu au harufu ya uvundo, usiupike.

Maji ndiyo yanayoamua kama haya yote yatakusaidia au yatakuumiza. Nyuzinyuzi bila maji huzidi kukaza. Wanawake wengi wanaouza duka hunywa maji kidogo kwa makusudi, kwa sababu choo kiko mbali na hakuna wa kuwaachia biashara. Kama ndivyo ulivyo, hapo ndipo pa kuanzia kabla hata ya dona: panga na jirani wa duka akushikie dakika kumi, na wewe umshikie. Jaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, iishe kabla hujafunga, mbali na maji ya kwenye chakula. Mkojo ukiwa na rangi hafifu, unakunywa vya kutosha. Jirani huyohuyo atakusaidia jambo la pili: usiizuie haja inapokuja. Ukiizuia, choo hurudi juu, hukauka zaidi, na baada ya muda mwili huacha kukupigia hodi.

Hodi yenyewe huja zaidi asubuhi. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma, na ishara hiyo huwa na nguvu baada ya kifungua kinywa. Kwa hiyo nenda chooni ndani ya nusu saa baada ya kula, kila siku, hata kama hujisikii. Choo cha kuchuchumaa kinainyoosha njia, ni kizuri. Shikilia ukuta au mlango kwa sababu tumbo limekuwa zito. Ukiwa na choo cha kukaa, weka kigoda kifupi chini ya miguu magoti yawe juu kidogo ya nyonga, inamia mbele, uviweke viwiko juu ya mapaja. Usibane pumzi. Toa hewa kwa mdomo polepole huku ukilegeza tumbo. Dakika tano hadi kumi zikipita bila kitu, inuka, urudi baadaye. Simu iache nje, kwa sababu kukaa tu pale kunazidisha damu kushuka.

Kinyama kilichojitokeza, kitunze hivi. Jisafishe kwa maji baada ya kila haja, kisha kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Karatasi ngumu inakwaruza. Mara mbili au tatu kwa siku, kaa kwenye beseni safi la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15. Maji matupu yanatosha. Usitie dawa ya kuua vijidudu, wala jiki, wala majani usiyoyajua. Ngozi pale imevimba, itaungua. Kikiuma sana, funga barafu ndani ya kitambaa ukiweke dakika kumi. Ukishapoa, kama kimetokea nje, paka mafuta mepesi ya mgando kidoleni, ukisukume ndani polepole. Kisipokubali usilazimishe. Dukani usikae zaidi ya saa moja mfululizo. Inuka utembee kidogo. Ukilala, lala ubavu wa kushoto, mtoto auachie ule mshipa mkubwa. Krimu na vidonge vya kuingiza njia ya haja kubwa vipo vinavyofaa kwa wajawazito, lakini mwenye duka la dawa asikuchagulie bila wewe kusema una mimba ya wiki ngapi.

Mpe mwili siku tano hadi saba. Chakula na maji visipotosha, na kwa wengine havitoshi, zipo dawa zisizochokoza mji wa mimba. Unga wa maganda ya mbegu za isabgoli unaongeza nyuzinyuzi, unywe na glasi kamili ya maji au usiunywe kabisa. Laktulosi ni shira inayobaki ndani ya utumbo na kuvuta maji kuja kwenye choo. Sehemu ndogo sana huingia kwenye damu, ndiyo maana hutumika sana kwa wajawazito, ingawa inaleta gesi. Hizi huchukua siku mbili tatu kufanya kazi, usiongeze kipimo usiku wa kwanza. Kutumia dawa si kushindwa, bora atakayekuandikia awe amekuona.

Na kuonwa unatakiwa uonwe, usisubiri tarehe ya kliniki ijayo. Sababu ni mbili: umetokwa na damu, na umekaa wiki mbili bila kidonge huku unakula udongo. Waombe wapime wingi wa damu. Kwa umri wa mimba yako chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu unaohitaji matibabu. Waombe pia waangalie hapo nyuma, usione haya. Damu nyekundu inayodondoka baada ya choo kigumu kwa kawaida ni ya bawasiri, lakini mchaniko mdogo wa ngozi nao hutoa damu. Tofauti ni kwamba mchaniko huuma kama wembe choo kinapopita na maumivu hubaki hata saa nzima baadaye. Jambo la muhimu kuliko yote ni kuwa na hakika damu inatoka wapi. Vaa pedi safi ukitoka kujisafisha, uangalie. Ikiwa inatoka ukeni, hata kidogo, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nenda siku hiyohiyo pia kama damu inatoka nyingi au haikomi, kama unahisi kizunguzungu au moyo kwenda mbio, kama damu imechanganyika ndani ya choo, au choo ni cheusi chenye kunata na harufu kali isiyofanana na ile ya kidonge. Tumbo likivimba na kuuma, ukatapika na hata hewa haipiti, hiyo si choo kigumu ya kawaida. Tumbo linalokaza na kuachia kwa mpangilio linaweza kuwa uchungu wa mapema ukaudhania ni choo, kwa hiyo usilivumilie nyumbani. Na kinyama kikigeuka ghafla kuwa gololi ngumu ya zambarau yenye maumivu makali, damu imeganda ndani yake; ukifika ndani ya siku tatu za mwanzo daktari anaweza kuitoa na ukapata nafuu haraka, baada ya hapo mara nyingi huachwa ipungue yenyewe.

Ukishajifungua usiirudie sembe na chai siku ya pili. Choo cha kwanza baada ya uzazi ndicho wanawake wanachokiogopa, hasa wakiwa na nyuzi za kushonwa, na wakikizuia kinakuwa kigumu upya. Mtori na supu za uzazi ni vizuri, ila ziambatane na mboga, papai na maji, kwa sababu kunyonyesha nako kunakunywa maji yako. Projesteroni hushuka upesi baada ya kondo kutoka, na bawasiri nyingi za ujauzito hunywea ndani ya wiki chache. Ikifika wiki ya sita au ya nane yako bado inatoka nje au kutoa damu, omba rufaa kwa daktari wa upasuaji. Kukifunga kinyama kwa mpira mdogo na njia nyingine hufanyika wakati huo kwa nafasi, na nyingi hazihitaji kulazwa.